Jiko la Kibosho: kwa nini nahau ikichukuliwa neno kwa neno hutushtua

Asubuhi moja nilikuwa nimekaa kwenye benchi la fundi bati karibu na soko la Mbuyuni, Moshi, nikisubiri karai langu lizibwe. Pale nyundo hazinyamazi, na watu huzungumza kwa sentensi fupi kwa sababu ndefu hazifiki. Akaja mzee mmoja na keni ya kumwagilia bustani iliyotoboka kitako. Baada ya shikamoo na marahaba akaegemea nguzo ya kibanda, akashindwa kujizuia.

"Fundi, leo nina furaha. Kijana wangu amepata jiko."

"Hongera sana, mzee," fundi akajibu huku anagonga. "Amepata wapi?"

"Kibosho, kule juu."

"Kwa kiasi gani?"

Mzee akashusha sauti, kama mtu anayetaja mambo ya nyumbani mbele ya wageni. "Bado tunazungumza. Wametaja mbuzi na mapipa ya mbege, lakini naamini watatupunguzia."

Nyundo ikasimama hewani. "Mbuzi? Mzee wangu, lina udongo ndani?"

"Nani ana udongo ndani?"

Pakawa kimya. Kisha mama aliyekuwa anauza vitunguu pembeni akaangua kicheko, na sisi tuliobaki tukamfuata. Mzee naye alicheka hadi akaketi kwenye benchi langu. Fundi ndiye aliyechelewa, kwa sababu ilimbidi kwanza arudi nyuma, apitie mazungumzo yote upya kichwani mwake, ndipo acheke.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na mazungumzo yale nimeyatumia darasani mara nyingi kuliko mfano wowote wa kitabuni. Yanaonyesha kitu ambacho maelezo ya kawaida kuhusu nahau huwa yanakiruka. Sote tunafundishwa kwamba nahau ni fungu la maneno lenye maana tofauti na ile ya maneno yenyewe: kupata jiko ni kuoa, kula chumvi nyingi ni kuishi miaka mingi, kuvaa miwani ni kulewa. Ni kweli. Lakini ile maana ya kawaida inakwenda wapi wakati nahau inatumika? Na kwa nini mtu akiirudisha ghafla tunashtuka, ingawa kila neno alilolisema tunalijua tangu utotoni?

Tuanze na kilichomponza fundi. Hakuwa mgeni wa nahau ile. Ana mke na watoto, na siku alipooa bila shaka yeye mwenyewe aliambiwa amepata jiko. Ila tazama alipokuwa amekaa. Mbele yake kulikuwa na majiko sita ya mkaa, mengine ya bati tupu na mengine majiko banifu, yale yanayotiwa kibakuli cha udongo uliochomwa ili joto lisipotee na mkaa usiishe haraka. Tangu asubuhi neno "jiko" lilikuwa limepita masikioni mwake mara nyingi, na kila mara lilikuwa kitu cha kupimwa kwa futi na kukatwa kwa mkasi wa bati.

Mwaka 1973 watafiti wawili, Bobrow na Bell, waliwasomesha watu sentensi kadhaa kabla ya kuwapa sentensi moja yenye nahau ambayo ingeweza kueleweka kwa njia mbili. Waliotanguliziwa sentensi za nahau waliiona kwanza maana ya nahau. Waliotanguliziwa sentensi za maneno ya kawaida walielekea zaidi kuiona kwanza maana ya kawaida. Sentensi ya mwisho ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni mkondo ambao akili ilikuwa imeshauzoea. Fundi wetu alikuwa kwenye mkondo wa bati. Mzee alikuwa ametoka nyumbani kwenye mazungumzo ya posa. Kila mmoja alisikia kile ambacho asubuhi yake ilikuwa imemwandalia.

Hilo linaeleza kosa lilivyoanza, lakini halielezi kwa nini liliendelea. Kosa la kawaida la kusikia hujulikana papo hapo: ukisikia "mbuzi" badala ya "mbuyu", sentensi inayofuata inakukatalia. Hapa mambo yaliendelea hatua tatu bila kukwama, na siri iko kwenye sarufi yetu.

Tazama fundi alivyouliza: "Amepata wapi?" Hakusema "amelipata wapi". Katika mazungumzo ya haraka tunaruhusiwa kuiacha ile silabi inayomwakilisha mtendwa, kwa kuwa kilichopatikana kimeshatajwa. Angeiweka ile "-li-", mzee angeshtuka palepale, kwa sababu msichana wa Kibosho si wa ngeli ya LI-YA. Yeye angetarajia "amempata wapi". Silabi moja tu, "-li-" au "-m-", ndiyo ingeamua mazungumzo ni ya chuma au ya binadamu, nayo haikutamkwa. "Kwa kiasi gani?" nalo ni swali lisilo na upatanisho wowote ndani yake. Mnunuzi wa jiko huulizwa hivyo, na baba wa kijana anayeposa naye huweza kuulizwa hivyo. Jibu la "Kibosho" lilifaa pande zote mbili: jiko laweza kununuliwa Kibosho, mke aweza kutoka Kibosho.

Kwa hiyo kulikuwa na hadithi mbili kamili zinazokwenda sambamba, zikitumia maneno yaleyale, bila mojawapo kuigusa nyingine. Mbuzi ndio walioanza kuzitenganisha, maana jiko la bati haliuzwi kwa mbuzi. Hata hivyo mbuzi peke yao hawakutosha. Fundi hakusema "kumbe unazungumzia harusi". Alifikiri tu kwamba kijana wa watu anaibiwa, na akauliza swali ambalo fundi mwema angeuliza: kwa bei hiyo, angalau lina udongo ndani? Kilichovunja kila kitu ni ile "li" ya "lina". Ilikuwa mara ya kwanza upatanisho kutamkwa kwa sauti. Na jibu la mzee linafaa kuandikwa ubaoni: hakuuliza "nini kina udongo", aliuliza "nani ana udongo". Katika sentensi mbili zilizofuatana, jiko lilitoka ngeli ya LI-YA likaingia ngeli ya A-WA. Yule mama wa vitunguu hakucheka kwenye mbuzi. Alicheka kwenye "nani".

Hapo ndipo penye jambo ambalo kwangu ni kiini cha habari yote hii. Nahau ya kupata jiko hutumia jina la kitu kumzungumzia mtu, lakini haimgeuzi kuwa kitu kwenye sarufi. Ukishasema "amepata jiko", sentensi inayofuata husema "anatoka Kibosho", "ni mwalimu", "wazazi wake wamekubali". Hakuna anayesema "linatoka Kibosho" ila kwa kutania. Neno "jiko" limo ndani ya nahau, lakini halisimami kama jina linaloweza kuvuta upatanisho wa sentensi zinazofuata. Limefungiwa ndani ya kifurushi. Anayeichukua nahau neno kwa neno anakifungua kifurushi, anamtoa yule aliyefungiwa, na kumsimamisha katikati ya sentensi kama jina kamili, lenye vivumishi na viambishi vyake. Mshtuko wa msikilizaji ni wa kumwona mtu ambaye hakujua kwamba yumo chumbani.

Je, hakujua kweli? Mwaka 1988 Cristina Cacciari na Patrizia Tabossi walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa Kiitaliano. Watu walisikilizishwa sentensi zinazoishia na nahau, kisha neno moja likaonekana kwenye skrini, na kazi yao ilikuwa kusema upesi kama ni neno halisi la lugha au herufi zilizobandikwa tu. Ujanja wa jaribio ni kwamba maana iliyokwisha kuamka akilini hufanya maneno ya jamaa yake yatambulike haraka zaidi. Kwa nahau ambazo msikilizaji hawezi kuzibashiri kabla ya neno la mwisho, maana iliyokuwa macho neno hilo lilipomalizika kutamkwa ilikuwa ile ya kawaida. Maana ya nahau ilionekana walipopima tena baada ya kuchelewesha kwa milisekunde 300, yaani karibu thuluthi moja ya sekunde.

Ukiipeleka sentensi ya mzee kwenye mwanga huo utaona jambo zuri. "Kijana wangu amepata..." haikuambii chochote bado. Amepata kazi? Amepata ajali? Amepata mkopo? Kupata ni kitenzi kinachobeba kila kitu, na nahau haitambuliki mpaka neno "jiko" lenyewe litamkwe. Kwa hiyo hata kwa yule mama wa vitunguu, aliyeielewa nahau vizuri, inaelekea jiko la mkaa lilimpitia akilini kwa nukta ndogo sana, likaonekana halifai, likaondolewa kabla hajajua kwamba lilikuwepo. Fundi aliposema "lina udongo ndani", hakumletea mgeni. Alimrudishia kitu ambacho akili yake ilikuwa imekishika na kukitupa muda mfupi uliopita. Ndiyo maana maana hiyo hutushtua na papo hapo hutuonekania sahihi. Mtu angejibu kwa upuuzi mtupu, tungeshangaa bila kucheka. Hapa tunacheka kwa sababu hatuwezi kumkatalia: jiko ni jiko.

Haraka hii ya kuifikia maana ya nahau imepimwa pia. Raymond Gibbs, katika utafiti wake wa mwaka 1980, aliwapa watu mazungumzo yanayoishia na usemi uleule, mara ukitumika kama nahau na mara ukitumika kwa maana yake ya wazi. Nahau ilieleweka haraka zaidi. Kwa usemi tuliouzoea, njia ndefu ndiyo ya maana ya wazi. Aliona pia kwamba watu walizikumbuka vizuri zaidi zile sentensi ambamo usemi ulitumika kwa maana ya wazi. Sishangai. Harusi ngapi nimeambiwa kwamba fulani amepata jiko, na hata moja siikumbuki ilivyotamkwa. Ile ya fundi naikumbuka mpaka sauti ya nyundo.

Habari zikaenea, na wiki iliyofuata safu nzima ya mafundi ilikuwa imeligeuza kosa kuwa utani. Kijana akipita na kutangaza kwamba rafiki yake amepata jiko, mmoja wao alimdaka: "La mkaa au la gesi?" Nimesikiliza sana jinsi swali hilo linavyofanya kazi, maana si kila jibu la namna hiyo huchekesha. Neno "jiko" halirudiwi. Kuna "la" mbili tu, na hizo "la" haziwezi kushikamana na kitu kingine isipokuwa jiko lililo ndani ya nahau. Msikilizaji mwenyewe ndiye anayerudi kulifukua. Siku moja fundi mdogo alijaribu kwa maneno yake: "Unamaanisha jiko hili la kupikia, au mke?" Hakuna aliyecheka, naye alibaki anatutazama akidhani hatukusikia. Alikuwa ametufanyia kazi yote. Maana zote mbili alizipanga mezani, kila moja na jina lake, na hakukubaki cha kugundua.

Jambo jingine ni mahali swali linapogusa. Nahau hupokea maneno yanayoielezea yote kwa pamoja: "amekata tamaa kabisa", "namuunga mkono mia kwa mia". Hayo yanakaa nje ya kifurushi. "La mkaa" halikai nje. Linaingia ndani na kumvisha sifa yule aliyefungiwa. Tazama "kuunga mkono". Mtu akitoka wodi ya mifupa pale KCMC na kusema "daktari ameniunga mkono", unasikia kwamba daktari amekubaliana naye. Akisema "daktari ameniunga mkono uliovunjika", nahau imekwisha, tumebaki na mfupa na plasta. Neno "uliovunjika" limeingia ndani, na nahau hiyo haivumilii kuingiliwa. Huu ni mtihani rahisi ambao mwanafunzi yeyote anaweza kuufanya: chukua nahau, mwekee kivumishi yule nomino aliye ndani, kisha usikilize kama maana ya nahau inabaki au inakimbia.

Nahau ya jiko ni ngumu kidogo kuliko hiyo. Watu husema "kijana amepata jiko zuri", na bado wanamaanisha mke. Hiyo ni kwa sababu sehemu zake bado zinaonekana: kupata ni kupata, na jiko limesimama mahali pa mke. Uzuri unaweza kuwa wa jiko, unaweza kuwa wa mke. Mkaa na gesi haviwezi kuwa vya mke. Mtani mzuri, bila kufundishwa, huchagua kivumishi ambacho upande mmoja tu unaweza kukibeba.

Si kila nahau inakubali kufunguliwa. "Kukata tamaa" hainipi picha yoyote. Mtoto akiambiwa "usikate tamaa" akajibu "sina kisu", tutatabasamu, lakini hatutashtuka, kwa sababu tamaa haikatwi kwa kisu mahali popote na hakuna hadithi ya pili ya kwenda sambamba na ya kwanza. Jiko la mkaa lipo kila nyumba. Mtu aliyevaa miwani unamwona kila siku. Utani unataka maana ya wazi iwe jambo linaloweza kutokea leo, hapa. Vijana wa sasa hupenda kusema "amevuta jiko", na nimeona kwamba kauli hiyo haimponzi mtu, kwa kuwa hakuna anayeburuta jiko barabarani. Iliyo rahisi kuchanganya ni ile ya wazee.

Kuna pia nahau ambazo maneno yake yamekufa. Tunasema mtu "amepiga chuku" tukimaanisha ametia chumvi kwenye habari. Chuku ni pembe iliyotumika kuumika, kunyonya damu mwilini kama tiba. Niliwauliza wanafunzi wangu chuku ni nini, wakajibu kwa kauli moja kwamba ni uongo. Kwao hakuna aliyefungiwa ndani ya kifurushi, kwa hiyo hakuna wa kumtoa. Huwezi kumtania mtu kwa maana ya wazi ambayo hajawahi kuwa nayo.

Watu wa huku huwa wananiuliza kama utani wa stendi ni wa aina hiyohiyo. Ule ninaoujua ni wa Arusha. Abiria anasema, "Basi lile linatoka Moshi," na mwenzake anaruka: "Mwiteni dereva azime injini!" Unachekesha, na sisi wa Moshi tumeshauzoea, ila kilichotokea ni kingine. Pale kuna maneno mawili yenye sauti moja, mji na moshi wa moto, na yote mawili yako hai muda wote. Kila siku sikio linachagua kati yake, nalo linajua kwamba linachagua, kama mtu aliye kwenye njia panda. Kwenye nahau hatuhisi njia panda yoyote. Tunadhani barabara ni moja, ndipo mtu anatuonyesha uchochoro tulioupita.

Msikilizaji naye lazima awe na maana zote mbili. Niliwahi kufundisha darasa la nne, na kwenye hadithi tuliyoisoma kulikuwa na babu "aliyekula chumvi nyingi". Mtoto mmoja akanyoosha mkono akauliza kwa huruma, "Mwalimu, ndiyo maana ana presha?" Alikuwa amefundishwa na muuguzi kwamba chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu, na swali lake lilikuwa la akili kabisa. Mimi nilicheka, yeye hakucheka. Kwake hapakuwa na mshtuko, kwa sababu alikuwa na maana moja tu na alikuwa anaitumia vizuri. Najuta kwamba nilicheka kabla ya kumjibu. Nilimwona anarudisha mkono chini polepole. Watoto huzimiliki nahau kidogo kidogo kwa miaka mingi, na umri huo wengi bado hushika kwanza maneno yenyewe. Vivyo hivyo kwa mtu mzima aliyekulia kwenye Kichagga au Kimaasai na kukijifunza Kiswahili ukubwani. Ukitaka kujua kama mtu amekosea kweli au anatania, msikilize anavyoendelea. Aliyekosea anauliza maswali ya kumsaidia kutenda jambo, kama fundi alivyotaka kujua habari za udongo. Anayetania anauliza moja tu, kisha anakutazama usoni.

Nimeacha hadi sasa jambo ambalo dada yangu alinikumbusha nilipomsimulia kisa hiki. Alicheka, kisha akasema, "Kaka, lakini kwa nini awe jiko?" Sikuwa na jibu la haraka. Nahau ikitumika kila siku, ile sura yake ya kwanza inalala: anayesema "amepata jiko" hafikirii kuwa binti wa watu ni chombo cha kupikia, anafikiria harusi. Ila mtu akiichukua neno kwa neno, sura ile inaamka na mambo yake yote. Ghafla tunamsikia msichana akiulizwa bei, akiulizwa kama ana udongo, akilinganishwa na wa gesi. Utani haukulitia jambo hilo kwenye nahau, ulilikuta humo. Nadhani ndiyo sababu kicheko cha siku ile kilikuwa na kitu cha aibu ndani yake, na ndiyo sababu mzee, alipomaliza kufuta machozi, alisema kwa sauti tofauti kabisa, "Ni mwalimu, yule binti. Anafundisha hesabu." Alikuwa anamrudisha kwenye ngeli yake.

Mimi siwezi kuwaambia watu waiache nahau hiyo, na sijui kama ningeweza kuiacha mwenyewe. Ninachowaonyesha wanafunzi ni kwamba kuichukua neno kwa neno ni njia mojawapo ya kuisikia upya, kwa uzuri wake na kwa ubaya wake.

Mzee alimwalika fundi kwenye harusi, na kwa kuwa nilikuwa shahidi nikapata kadi na mimi. Ulipofika wakati wa zawadi, fundi alipita mbele akiwa amevaa koti, amebeba jiko banifu jipya alilolipaka rangi ya fedha, na ukumbi mzima ulikuwa umeshasimuliwa kisa. Alilitua miguuni pa maharusi. Bibi harusi akainama, akachungulia ndani, akainua uso na kumuuliza kwa utulivu wa mwalimu wa hesabu:

"Fundi, na hili lina udongo ndani?"